Kampuni kubwa inalipa nyuma ya miezi tatu: namna ya kulinda feza yako bila kupoteza soko

Mtu akipata komande ya kwanza kutoka kampuni kubwa ya migodi ya Kolwezi ama ya Fungurume, jamaa yote inajua jioni ile ile. Kiisha miezi mine, mtu huyo huyo unamukuta anakopa feza ya kununua mafuta ya gari, na kwenye meza yake kuko fakture za dola elfu makumi ambazo hazijalipwa. Hakuibiwa na hakuuza kwa hasara. Kampuni inakubali deni yake yote na inamwambia kila juma: «Iko kwenye sirkwi, vumilia.»

Wengi wanafikiri njia ni mbili tu, kunyamaza na kuendelea kupeleka, ama kukasirika na kukata. Kuko njia ya katikati. Inaomba kazi ya makaratasi na hesabu kidogo, na inaanza kwa kujua siku zenyewe zinapotelea wapi.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Lubumbashi anayeuza vifaa vya kujikinga: bote, kaske, glovu, salopeti. Hatumtaji jina wala hatutaji kampuni. Ni mfano, na hesabu ziko kwa namba nyepesi ili kila mtu aweze kuweka zake pahali pa zile. Kila mwanzo wa mwezi anapeleka mzigo mmoja Kolwezi, kilometa karibu 300. Mzigo ule anauuza dola 20.000 bila TVA. Akiongeza TVA ya asilimia 16, fakture inafika dola 23.200. Yeye mwenyewe ananunua bidhaa kwa dola 15.500, na TVA ya kununua ni dola 2.480. Gari, wafanyakazi na kodi ya depo ni dola 2.500. Mwishoni analipa DGI tofauti ya TVA mbili, ni kusema dola 720. Kila mzigo unamtosha basi dola 21.200 mfukoni, na unamrudishia dola 23.200. Faida ni dola 2.000.

Mkataba wake unasema kampuni italipa kwa siku 30. Kama ingekuwa hivyo kweli, angenunua mzigo wa kwanza, angenunua wa pili, na nyuma kidogo ya ule wa pili feza ya kwanza ingeingia. Angehitaji feza ya mizigo miwili, dola karibu 42.400. Lakini kampuni inalipa nyuma ya siku 93. Mbele ya kuona dola ya kwanza, amekwisha kununua mizigo mine. Ni dola karibu 84.800. Kampuni haikumuomba mkopo wa dola 42.400, lakini ameitolea.

Feza ile inatoka wapi? Kama ni yake mwenyewe, anaumia lakini anasimama. Kama ameikopa kwa asilimia 3 kwa mwezi, faida ya mkopo ni dola 1.272, na katika zile dola 2.000 anabaki na 728. Kama ameikopa kwa asilimia 5, analipa dola 2.120, na kila mwezi anapoteza dola 120 akiwa anauza kuliko mwaka uliopita. Kuhusu wale wanaokopa kwa benki Lambert, kama tunavyoita huku wakopeshaji wa mtaani, ambao wanaweza kuomba asilimia 20 na kupita, hesabu haina haja ya kuandikwa. Hapa ndipo watu wengi wanaanguka bila kuelewa: wanaona mauzo inapanda, wanafikiri shida ni bahati mbaya, wanaomba komande kubwa zaidi ili wajiokoe, na kila komande mpya inawachimbia chini.

Andika tarehe tano

Kazi ya kwanza haiko kwa kampuni. Iko kwenye meza ya muuzaji. Achukue fakture zake sita za mwisho zilizolipwa, na kwa kila moja aandike tarehe tano: siku mzigo ulifika, siku alipeleka fakture, siku magazini ya kampuni iliingiza mzigo ndani ya ordinatere yao, siku ya mwisho ya kulipa kufuatana na mkataba, na siku feza iliingia kweli kwenye konti.

Mama wetu alipofanya hivyo, alikuta hivi. Kati ya kufikisha mzigo na kupeleka fakture zilipita siku 9, kwa sababu shofere alikuwa anarudi na bon ya livrezo Lubumbashi, na karani anangoja zingine ili aandike zote mara moja. Kati ya fakture na kuingizwa kwa mzigo ndani ya ordinatere ya magazini zilipita siku 26. Kisha zile siku 30 za mkataba. Na mwisho siku 28 za kuchelewa kwenyewe. Jumla 93.

Hesabu hii inabadilisha mazungumzo yote. Mama alikuwa anasema kampuni inachelewa miezi miwili. Kontablite ya kampuni ilikuwa inasema inachelewa juma nne. Wote wawili walikuwa na haki. Kwa kontablite, saa haianzi kuhesabu siku mzigo unashuka kwenye gari. Inaanza siku karatasi tatu zinakutana: bon ya komande, uhakikisho wa magazini kwamba kitu kimepokelewa, na fakture. Zikikosa kulingana, hata kwa jozi mine za bote, fakture inalala. Hakuna mtu anayekupigia simu kukuambia imelala.

Kwa hiyo siku 35 kati ya zile 63 za zaidi ziko mahali ambapo muuzaji anaweza kuweka mkono, bila kugombana na mtu yeyote.

Namna ya kuzipata ni hii. Fakture inasafiri ndani ya gari pamoja na mzigo, imekwisha kuandikwa, na namba ya komande iko juu yake sawasawa kama kampuni iliiandika, na alama zake zote. Shofere haondoki magazini mbele ya kupata mambo mawili: bon ya livrezo yenye sini, jina, tarehe na muhuri, pamoja na namba ya kuingia ambayo ordinatere ya magazini inatoa. Kama magazinie anasema mashini haifanyi kazi leo, shofere anapiga picha ya bon, anaituma kwa WhatsApp, na kesho asubuhi mtu anapiga simu kwa magazinie huyo kuuliza namba. Kesho, si juma lijalo. Katika magazini ya mgodi kunashuka mizigo mingi kwa siku, na karatasi yako ikishuka chini ya rundo, inabaki pale mpaka mtu aitafute.

Jambo lingine linalolaza fakture ni mzigo usiokamilika. Komande inasema jozi 100 za bote, depo iko na 96. Muuzaji anapeleka 96, lakini fakture inasema 100 kwa sababu zile nne zitafuata juma lijalo. Zile nne zinazuia feza ya zile 96. Fakture iandikwe 96, na nne zipate fakture yao ndogo.

Fakture yenyewe ipelekwe pahali ambapo mkataba unasema, na muuzaji abaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kuiacha kwa mlinzi ama kwa rafiki wa ofisi ya ununuzi si kuipeleka. Siku ya mabishano, kopi ile yenye muhuri ndiyo itasema mkataba ulianza kuhesabu lini.

Mama wetu alikaza mambo haya kwa miezi miwili, na zile siku 35 zikashuka kufika 5. Kampuni haikubadilisha tabia yake hata kidogo: bado inachelewa siku 28. Lakini feza sasa inaingia siku ya 63, mbele hajanunua mzigo wa nne. Anahitaji feza ya mizigo mitatu, si mine. Dola 21.200 zimerudi katika mikono yake bila benki na bila advoka.

Kujua mlango wa kugonga

Siku 28 zinazobaki ni za kampuni, na hapa makosa makubwa ni kusumbua mtu asiye na uwezo. Ndani ya kampuni kubwa, mtu aliyekupa komande, yule wa ofisi ya ununuzi, halipi. Magazinie halipi. Kontablite ya wauzaji inatayarisha orodha ya malipo, lakini sini ni ya mukubwa wa feza, pengine yuko Kinshasa ama ngambo. Na orodha ile haitoki kila siku. Kampuni nyingi zinalipa kwa siku zilizopangwa, mara moja ama mara mbili kwa mwezi. Fakture iliyokosa orodha ya leo kwa saa moja inangoja orodha inayofuata.

Swali la maana basi si «Mutanilipa lini?» Swali ni: «Fakture hii iko kwenye orodha ya malipo ya tarehe gani?» Na linaulizwa siku kumi mbele ya tarehe ya mkataba, wakati hakuna mtu mwenye kosa bado na kila mtu anajibu kwa roho nzuri. Kama jibu ni kwamba haionekani katika orodha, kuko bado siku za kutafuta karatasi inayokosa. Ukingoja tarehe ipite ndipo upige simu, umepoteza orodha moja nzima.

Pamoja na simu ile, mwisho wa kila mwezi mama anatuma ukurasa mmoja: namba ya kila fakture, namba ya komande yake, tarehe ya kupokelewa, tarehe ya kulipa, kiasi, na chini jumla. Anauelekeza kwa kontablite na kopi kwa ofisi ya ununuzi. Haandiki malalamiko ndani. Ukurasa huu una faida ingine ambayo tutaiona tukifika kwa sheria.

Mtu anayesahaulika ni yule anayetumia bidhaa zako. Kwa mama wetu ni mukubwa wa usalama wa kazi pale mgodini. Yeye ndiye atakayeulizwa siku mfanyakazi atakanyaga msumari bila bote. Hana funguo ya sanduku, lakini neno lake kwa mukubwa wa feza lina uzito kuliko simu ishirini za muuzaji. Haombwi kupigana kwa ajili yako. Anajulishwa tu, mapema na kwa heshima, kwamba mzigo wa mwezi ujao unategemea fakture fulani.

Fakture tatu, si nne

Mama aliketi na kuhesabu feza yake: ana dola 45.000 zake, na benki inaweza kumpa 20.000 bila kumnyonga. Jumla 65.000. Mizigo mitatu ni dola 63.600. Kwa hiyo mpaka wake unajiandika wenyewe: hawezi kuwa na zaidi ya fakture tatu zisizolipwa kwa kampuni ile. Ya nne hana feza yake, hata kama komande ni nzuri namna gani. Mpaka huu unawekwa siku ya utulivu, na unaandikwa. Mtu akingoja siku ya shida ili aamue, ataamua kwa woga.

Siku kampuni inaleta komande ya nne na fakture ya kwanza haijalipwa, kuna namna ya kusema. Kukataa wazi kunaweza kuvunja mkataba, maana mikataba mingi ya kampuni kubwa inaweka malipo ya adhabu kwa muuzaji anayechelewa kupeleka, na ofisi ya ununuzi inaweza kukutoa kwenye orodha yake kimya kimya. Kutishia ni kubaya zaidi. Mama alimpigia mtu wa ununuzi hivi:

«Papa, komande nimeipokea, aksanti sana. Mzigo uko tayari, nusu iko katika depo hapa. Kwa sasa niko na fakture tatu kwenu, na huo ndio mwisho wa nguvu yangu. Ile ya mwezi wa kwanza ikiingia, siku tatu nyuma gari linaondoka. Kama munahitaji bote mbele ya siku ile, munaweza kunipa akonti, nikaleta bote kwanza, vitu vingine vikafuata. Naandika yote kwa emeli ili musisumbuke kunieleza kwa wakubwa.»

Katika maneno yale hakuna lawama. Kuna tarehe inayotegemea jambo moja ambalo kampuni inaweza kufanya, kuna njia ya pili, na kuna emeli ambayo mtu wa ununuzi anaweza kuipeleka juu bila aibu. Anaomba fakture moja ilipwe, ile ya zamani kuliko zote. Kuomba «mulipe deni yote» kunampa mukubwa wa feza uamuzi mkubwa, naye atauweka pembeni. Fakture moja ya dola 23.200 ni uamuzi mdogo.

Mbele ya kutumia njia hii, ni lazima kusoma mkataba wako kuhusu muda wa kupeleka. Kama mkataba unakubana, gawanya mzigo: peleka kile wanachokihitaji sana kwa kiasi kidogo, ili uwe umetimiza neno lako na feza yako isizame yote.

Kuhusu akonti, sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sutretansi katika sekta ya watu binafsi inataka kampuni kubwa itoe akonti ya asilimia 30 kwa uchache mbele ya kazi kuanza. Ofisi inayosimamia sheria ile ni ARSP. Lakini muuzaji asiende na sheria mkononi kama rungu. Kwanza ahakikishe kwamba mkataba wake ni wa sutretansi kweli na si kuuza bidhaa tu, na kwamba yeye mwenyewe ameandikishwa ARSP. Na mahali pa kuileta ni wakati wa kusaini mkataba, si mwezi wa tano ugomvi umekwisha kuanza.

TVA na punguzo, mitego miwili

Kwa anayeuza bidhaa, TVA inadaiwa tangu mzigo unapotolewa, si siku kampuni inakulipa. Tangazo linaingia DGI tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo mama analipa zile dola 720 mbele ya kupokea feza yenyewe. Na kama alinunua kwa mtu asiyetoa fakture yenye TVA, hana kitu cha kutoa, na analipa dola 3.200 nzima kutoka mfukoni. Bei ndogo ya mtu yule ilikuwa nzuri kwa macho tu. Kwa anayeuza huduma, kama usafi ama matengenezo ya mashini, TVA inadaiwa siku ya kulipwa. Kama fakture yako ina vitu na kazi pamoja, kuzitenganisha kwa mistari iliyo wazi, kufuatana na kazi ilivyo kweli, kunakusaidia. Ongea na kontable wako.

Mtego wa pili ni punguzo. Wengine wanapendekeza: mukinilipa kwa siku 10, natoa asilimia 2. Kwa mama, asilimia 2 ya dola 20.000 ni 400, sehemu moja katika tano ya faida yake. Kama amekopa mizigo miwili kwa asilimia 3, analipa 1.272 kwa mwezi, basi kutoa 400 ili aachane na deni ile ni hesabu nzuri. Kama feza ni yake, anatoa 400 ili apumzike roho, ajue hivyo. Lakini katika namna zote mbili, punguzo lisiandikwe ndani ya fakture. Kampuni itakata asilimia 2 yake na italipa siku ya 90. Fakture ibaki nzima, na punguzo litoke kama noti ya kredi nyuma ya feza kuingia kwa wakati.

Benki nazo zinaweza kutoa sehemu ya fakture mbele ya kampuni kulipa. Kwa kawaida zinaomba kampuni isaini karatasi ya domisiliasyo, ni kusema iahidi kwamba malipo yote ya mkataba ule yatapita kwenye konti yako ndani ya benki ile na hayatahamishwa bila ruhusa yake. Kampuni nyingi zinakubali kuisaini mwanzoni mwa mkataba, na zinakuwa nzito kuisaini katikati. Muulize benki swali moja mbele ya yote: kampuni isipolipa, nani atarudisha? Karibu kila mara jibu ni wewe. Basi ile ni mkopo wako, si bima. Kwa wauzaji wa Goma na Bukavu, ambako benki zilifunga milango mwaka 2025, mlango huu haupo, na kwao mpaka wa fakture unapaswa kuwa chini zaidi.

Kuchelewa ama kukosa?

Yote haya yanafaa kwa kampuni yenye feza na mwendo mzito. Kampuni isiyo na feza ni habari ingine. Tarehe 22 Februari 2025, Arecoms ilisimamisha kuuza kobalti inje ya inchi. Kusimamishwa kukaongezwa, kisha kuanzia 16 Oktoba 2025 kukaja mfumo wa kota. Muuzaji anayepelekea kampuni yenye kuishi kwa kobalti alipaswa kusikia habari ile kama habari ya konti yake mwenyewe, siku ile ile. Yule anayepelekea kampuni ya shaba kwa wingi alikuwa na sababu ndogo ya kuogopa.

Alama zinajulikana. Kampuni nzito inachelewa kwa namna moja kila mara: siku 28, 30, 27. Kampuni inayokosa feza inaanza kuchelewa zaidi kila mwezi: 28, 41, 60. Inalipa nusu ya fakture bila maelezo. Inaomba uandike upya fakture ya zamani kwa tarehe mpya, jambo ambalo usikubali, kwa maana unafuta miezi yako mwenyewe. Wenye magari ya kubeba mizigo nao wanalalamika, na mtu wa kontablite aliyekuwa anajibu simu hajibu tena. Ukiona alama mbili kati ya hizi, mpaka wako unashuka kutoka fakture tatu kwa moja, na kuelekea malipo mkononi. Hapo kulinda soko hakuna maana tena.

Karatasi ya mwisho

Sheria za biashara za OHADA, ambazo Congo iko ndani tangu mwaka 2012, zinampa muuzaji silaha anazoweza kuweka kabatini bila kuzitumia. Kuchelewa kulipa bei kunaleta faida ya kisheria kwa deni, lakini inahesabiwa kuanzia siku muuzaji anatuma barua ya kudai malipo, ile wanasheria wanaita mizandemere. Usipotuma barua, hesabu haianzi. Barua ile inaweza kuandikwa kwa adabu, ikitaja namba za fakture na tarehe tu.

Jambo wengi hawajui ni kwamba katika mauzo kati ya wafanyabiashara, haki ya kushitaki inakufa kwa miaka miwili. Muuzaji aliye na fakture ya zamani anayoiacha «kwa ajili ya uhusiano» anaweza kuamka siku moja akiwa amechelewa. Kinachoanzisha upya hesabu ya miaka ni kampuni kukubali deni. Hapo ndipo ule ukurasa wa mwisho wa mwezi unapata kazi yake ya pili: kila mwisho wa mwaka mama anaomba kontablite waujibu kwa sini, kwamba jumla ni sawa. Kwao ni kazi ya kawaida ya kufunga vitabu, na hakuna anayeona ugomvi ndani.

Na kama siku inafika ya kuachana, kuna injonksyo ya kulipa. Ni ombi linalopelekwa kwa mukubwa wa korti ya biashara kwa deni iliyo ya hakika, yenye kiasi kinachojulikana na ambayo siku yake imefika. Ni njia fupi kuliko mashitaka ya kawaida, ingawa kampuni ina haki ya kuipinga, na ikipinga kesi inafunguka. Mukubwa wa korti ataangalia karatasi zile zile: komande, bon yenye sini, fakture yenye muhuri wa kupokelewa. Muuzaji aliyeacha bon ndani ya gari la shofere hana la kuonyesha.

Mama wetu hakufika huko. Siku ile ya simu, mtu wa ununuzi hakufurahi, na juma nzima hakujibu. Siku ya tisa feza ya fakture ya mwezi wa kwanza ikaingia, na gari likaondoka siku ya kumi na mbili, kama alivyoandika. Bado analipwa nyuma ya siku 60 na kitu. Katika bei aliyotoa mwaka uliofuata, aliingiza gharama ya siku 60, si 30, na akapoteza salopeti kwa mshindani aliyeuza bei chini. Bote na glovu zilibaki kwake.